Fangasi wa kucha za miguu: vidonge ni wiki 12, ukucha ni mwaka mzima

Mtu anayetibiwa fangasi wa kucha humaliza vidonge mwisho wa mwezi wa tatu, anautazama ukucha wa kidole gumba, na bado ni wa njano, mnene, unamomonyoka pembeni. Hapo wengi hukata tamaa. Wapo wanaokwenda kununua dawa kali zaidi, na wapo wanaoacha kabisa wakisema ugonjwa huu hauna tiba. Lakini ndivyo ukucha unavyotarajiwa kuonekana wakati huo, hata kwa mtu ambaye dawa imemfanyia kazi vizuri. Ukucha wa kidole gumba cha mguu hukua milimita 1 hadi 1.5 hivi kwa mwezi. Sehemu iliyoharibika haigeuki kuwa nzima, bali husukumwa mbele na ukucha mpya unaotoka kwenye shina hadi ikatwe. Kwa kidole gumba safari hiyo huchukua miezi 12 hadi 18.

Mwongozo huu unaifuata tiba yote hadi ukucha mpya ufike kwenye ncha, kwa sababu ile miezi ya baada ya vidonge ndiyo ambayo mgonjwa huachwa peke yake, na ndimo ugonjwa unamorudia. Tutakwenda na mfano mmoja wa kutunga, ingawa wagonjwa wa namna hii ni wengi: mlinzi wa usiku Dar es Salaam, mwenye miaka 46, anayevaa buti kwa muda wa saa 12 kila zamu. Kucha za vidole gumba vyote viwili zimekuwa nene kwa miaka kadhaa, na kati ya vidole vidogo ngozi yake hulainika, hupasuka na kuwasha. Amewahi kupewa vidonge vya wiki mbili, akapata nafuu ya muwasho, kucha zikabaki vilevile.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni fangasi

Takribani nusu tu ya kucha za miguu zilizoharibika huwa na fangasi. Nyingine zimeumizwa na viatu vinavyobana au kwa kupigwa mara kwa mara, nyingine ni za ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi, nyingine ni za uzee. Kwa macho zinafanana sana. Ukimeza vidonge miezi mitatu kwa ukucha ulioumizwa na kiatu, hautapona, na utaamini fangasi wako ni sugu ilhali hukuwahi kuwa nao.

Kipimo chenyewe si cha gharama kubwa, lakini namna sampuli inavyochukuliwa ndiyo inayoamua. Mtaalamu hukata sehemu iliyolegea, halafu hukwangua unga ulio chini ya ukucha, akiingia ndani kadiri anavyoweza kuelekea kwenye shina. Fangasi walio hai wako mpakani, pale sehemu mbovu inapokutana na nzima. Vipande vya kwenye ncha mara nyingi vina mabaki ya waliokwisha kufa, na majibu yake huja safi hata kwa mtu mwenye ugonjwa. Unga huo huwekewa tone la KOH, kimiminika cha maabara kinachoyeyusha ukucha ili fangasi waonekane, na kutazamwa kwa hadubini siku hiyohiyo. Wakiamua kuwaotesha fangasi maabarani, majibu huweza kuchukua hadi wiki nne. Kama umekuwa ukipaka dawa ya fangasi, sema kabla ya kupimwa, maana itabidi uiache kwanza kwa wiki kadhaa. Na jibu moja safi halitoshi kufunga mjadala ikiwa dalili zote zinaonyesha fangasi: sampuli ichukuliwe tena.

Mambo mawili yasingoje. La kwanza ni mstari mweusi au wa kahawia kwenye ukucha mmoja tu, hasa ukiwa mpya, unaozidi kupanuka, au weusi wake umevuka hadi kwenye ngozi ya shina. Watu weusi wengi huwa na mistari ya namna hiyo kwenye kucha kadhaa bila ugonjwa wowote, lakini mmoja unaobadilika unaweza kuwa saratani, na huo ni wa kuonwa na daktari wa ngozi mapema. La pili ni ukucha unaoanza kuwa mweupe kutoka kwenye shina badala ya ncha. Hiyo ni namna ya fangasi inayoonekana zaidi kinga ya mwili inaposhuka, na mtu akiwa nayo ni vema apime VVU.

Mlinzi wetu alichukuliwa sampuli, fangasi wakaonekana. Tuendelee naye.

Hatua ya pili: dawa ipi, kwa muda gani

Dawa inayotangulia kwa fangasi wa kawaida wa kucha za miguu ni terbinafini ya miligramu 250, kidonge kimoja kwa siku, kwa wiki 12. Kwa kucha za mikono zinatosha wiki 6, kwa sababu kucha za mikono hukua haraka zaidi. Hesabu ya miguuni ni rahisi kuishika: wiki 12 ni vidonge 84. Ukiondoka duka la dawa na pakiti ya vidonge 14, umenunua wiki mbili, yaani sehemu moja ya sita ya dozi. Nasisitiza hili kwa sababu ndiyo hitilafu inayorudiwa zaidi: mtu anapewa dozi ya fangasi wa ngozi, ambayo kweli ni ya wiki chache, kisha anaitumia kutibu ukucha.

Itrakonazo ndiyo ya pili. Hutolewa kwa mizunguko: miligramu 200 asubuhi na 200 jioni kwa wiki moja, kisha wiki tatu za kupumzika. Kwa kucha za miguu ni mizunguko mitatu. Wengine humeza miligramu 200 mara moja kila siku kwa wiki 12 mfululizo. Kapsuli zake zinahitaji chakula kamili na asidi ya tumbo ili ziingie mwilini, kwa hiyo mtu anayemeza omeprazo kwa ajili ya vidonda vya tumbo anaweza kumaliza mizunguko yote na dawa isifike kwenye ukucha kwa kiasi kinachotakiwa.

Flukonazo inapatikana kwa urahisi na hutumika pale hizo mbili zisipofaa. Ni miligramu 150 hadi 300 mara moja kwa wiki, na inaendelea mpaka ukucha mpya uote, yaani miezi sita hadi mwaka kwa miguu. Kidonge kimoja cha flukonazo, kile kinachotolewa kwa fangasi wa ukeni, hakitibu ukucha.

Griseofulvini ni ya zamani na bado inaandikwa sana huku kwetu. Kwa kucha za miguu ilikuwa ikimezwa mwaka mzima hadi mwaka na nusu, na hata hivyo wengi hawakupona. Ukipewa ya mwezi mmoja kwa ajili ya kidole gumba, muulize aliyekuandikia kama terbinafini haipatikani. Ketokonazo ya vidonge usiikubali kwa kucha. Inaweza kudhuru ini vibaya, na tangu 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani ziliondoa matumizi yake kwa fangasi wa ngozi na kucha.

Kwa nini terbinafini kwanza? Utafiti mmoja mkubwa uliilinganisha na mizunguko ya itrakonazo, na wagonjwa wa Aislandi waliokuwemo wakafuatiliwa kwa takribani miaka mitano. Mwishoni, asilimia 46 ya waliomeza terbinafini hawakuwa na fangasi bila kurudia tiba. Kwa itrakonazo walikuwa asilimia 13. Miongoni mwa waliokuwa wamepona, ugonjwa ulirudi kwa asilimia 23 upande wa terbinafini na asilimia 53 upande wa itrakonazo. Zitazame namba hizo pande zote mbili. Terbinafini imeshinda kwa mbali, na bado zaidi ya nusu ya walioitumia hawakuishia na mguu safi kwa dozi moja tu.

Hatua ya tatu: kabla ya kidonge cha kwanza

Terbinafini hupita kwenye ini, na mara chache sana huliumiza. Kwa hiyo kipimo cha damu cha ini, kile kinachoandikwa ALT kwenye karatasi ya maabara, kifanyike kabla ya kuanza. Mwenye homa ya ini sugu au ini lililokakamaa hapewi. Mwenye figo zilizodhoofika sana hapewi. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri, kwani ukucha unaweza kungoja.

Mweleze daktari kila dawa unayomeza. Anayetumia rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu huisafisha terbinafini mwilini kwa kasi maradufu, hivyo ni busara kumaliza dozi ya kifua kikuu kwanza ndipo kucha zifuate. Baadhi ya dawa za sonona, za presha kama metoprololi, na tamoksifeni ya saratani ya matiti nazo huingiliana na terbinafini. Itrakonazo ina orodha ndefu zaidi: haifai kwa mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi, haichanganywi na simvastatini, na hugongana na baadhi ya dawa za kufubaza VVU.

Mlinzi wetu ana ALT ya kawaida na hamezi dawa nyingine. Hunywa bia mwisho wa wiki. Anaambiwa aache pombe kwa miezi hii mitatu, na kipimo cha ini kirudiwe baada ya wiki sita kwa sababu ya historia hiyo.

Ukishaanza, dalili za kusimamisha dawa siku hiyohiyo na kwenda hospitali ni hizi: mkojo mweusi kama chai ya rangi, macho kuwa ya njano, mwili kuwasha bila vipele, kichefuchefu kisichoisha, maumivu chini ya mbavu za kulia. Vipele vinavyosambaa au vidonda mdomoni navyo ni vya kusimamisha. Wachache hupoteza ladha ya chakula. Mara nyingi hurudi baada ya wiki au miezi, lakini usiendelee kumeza huku chakula hakina ladha, rudi kwa daktari.

Hatua ya nne: weka alama kwenye ukucha

Hii ndiyo njia ya kujua kama dawa inafanya kazi, na inahitaji tupa ya kucha tu. Siku ya kuanza, tafuta mpaka kati ya ukucha mzima wa kwenye shina na ule uliobadilika rangi. Pitisha tupa hapo mara chache hadi ubaki mfereji mwembamba juu ya ukucha, bila kufika kwenye nyama. Piga picha mguu ukiwa kwenye mwanga mzuri, na weka rula kando. Rudia picha kila mwezi, na mfereji ukianza kufutika uuchore upya palepale. Mwenye kisukari asijichoree, afanyiwe kliniki.

Ukucha wa mlinzi wetu una urefu wa milimita 16, na uliokuwa mzima siku ya kwanza ni milimita 3 tu. Tuseme unakua milimita 1.2 kwa mwezi. Mwisho wa vidonge, yaani mwezi wa tatu, sehemu nzima ni 3 na kama 3.6, jumla 6.6. Zaidi ya nusu ya ukucha bado ni wa njano, na tiba iko kwenye mstari. Mwezi wa sita sehemu nzima inapita milimita 10. Milimita 13 zilizokuwa mbovu zinahitaji kama miezi 11 kuisha. Baada ya vidonge kwisha dawa hubaki ndani ya ukucha kwa miezi kadhaa, ndiyo maana unaendelea kusafika bila kumeza kitu.

Unachotazama ni mpaka na alama. Mfereji ukisogea mbele na nyuma yake ukucha ukawa laini, wa rangi ya kawaida, fangasi wamezuiwa. Rangi ya njano ikivuka mfereji na kurudi nyuma kuelekea kwenye shina, fangasi wanaendelea kutambaa, na hiyo ni sababu ya kurudi kliniki bila kungoja mwaka uishe. Na kama mfereji wenyewe hausogei kwa miezi mitatu au minne, ukucha haukui, nayo mara nyingi ni dalili ya damu kutofika vizuri mguuni.

Kidonge ukikisahau, kimeze ukikumbuka siku hiyo, usimeze viwili kesho yake. Zikikatika siku chache kwa safari au kwa kukosa pesa, endelea hadi utimize 84.

Hatua ya tano: punguza ukucha mbovu

Dawa hufika kwenye ukucha kupitia damu, na pale ukucha uliponyanyuka kutoka kwenye nyama, njia hiyo imekatika. Fangasi hukaa kwenye nafasi hiyo wakiwa wamelundikana. Wakati mwingine utaona mstari mnene wa njano au rangi ya chungwa unaopanda kutoka ncha kuelekea shina, kama msumari uliolazwa chini ya ukucha. Huo ni lundo la fangasi lililobanana kiasi kwamba vidonge peke yake mara nyingi havilimalizi. Lazima sehemu hiyo ikatwe na unga wake ukwanguliwe.

Kila wiki mbili loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu, kata kilicholegea, na sugua unene kwa tupa. Ukucha mgumu sana hulainishwa kwa marhamu ya yurea ya asilimia 40: paka juu ya ukucha pekee, ukiwa umezikinga ngozi za pembeni kwa plasta, funika usiku, kisha kwangua. Mwenye kisukari au ganzi miguuni asijikate wala asiloweke miguu nyumbani. Mkato mdogo asiousikia unaweza kuwa kidonda cha miezi. Siki, mafuta ya taa na maji ya betri viache. Siki haifiki ndani, na hivyo vingine huunguza.

Hatua ya sita: kwa nini unarudi, na miezi ya baada ya vidonge

Sababu ya kwanza iko chini ya nyayo. Fangasi wa kucha na wale wa kati ya vidole mara nyingi ni walewale. Walianza kwenye ngozi, wakaingia chini ya ukucha. Ngozi isipotibiwa, au ikitibiwa muwasho tu, ukucha mpya unaotoka safi unakutana nao ukifika mbele. Kwa mlinzi wetu, miguu yote inapakwa krimu ya terbinafini kwa wiki moja au mbili, au klotrimazo kwa wiki nne, kati ya vidole na kwenye unyayo mzima, muwasho uwepo au usiwepo. Unyayo wenye ngozi kavu inayotoa unga kwenye mistari yake huitwa ukavu, kumbe mara nyingi ni fangasi. Pale krimu hizo zisipopatikana, marhamu ya Whitifildi inafanya kazi ya ngozi, ingawa inachoma kwenye mipasuko.

Ya pili ni viatu. Vumbi la ukucha na ngozi huanguka ndani ya buti, na mbegu za fangasi huishi humo kwa miezi. Mtu akitibu mguu na kuurudisha kwenye buti lilelile lenye jasho kila jioni, anajipanda upya. Buti la zamani lenye bitana iliyooza litupwe mara ukucha unapoanza kusafika. Kama haliwezekani kutupwa, litiwe poda ya fangasi na liachwe likauke wazi kwa saa 24, kwa hiyo anayeweza awe na jozi mbili za kubadilishana. Soksi zibadilishwe kila zamu na zifuliwe kwa maji ya nyuzi joto 60, maana maji baridi na sabuni haviwamalizi fangasi.

Ya tatu ni watu wengine. Kandambili moja ya bafuni inayovaliwa na nyumba nzima inatosha kuwazungusha fangasi. Mke au kaka mwenye kucha kama zako atibiwe pamoja nawe. Vijana wanaopita mitaani kusafisha kucha hutumia tupa na kikwanguo kilekile kutoka mteja hadi mteja. Nunua vyako uwape wakutumie hivyo, au acha huduma hiyo mpaka upone. Kwa anayetawadha mara tano kwa siku, maji yenyewe hayana tatizo, tatizo ni soksi kuvaliwa juu ya unyevu. Weka kitaulo kidogo cha miguu tu, ukaushe kati ya kila kidole.

Zipo pia sababu zilizo ndani ya mwili ambazo juhudi haziziondoi zote: kisukari, damu inayofika mguuni kwa shida, kinga iliyoshuka, umri, ukucha ulioumizwa hadi umepinda, ugonjwa uliokwishafika kwenye shina. Na wapo fangasi ambao si wa jamii ya kawaida, au waliojenga usugu kwa terbinafini. Hao hujulikana kwa kuotesha tu. Kwa watu hawa lengo la haki linaweza kuwa ukucha usiouma na unaovumilika kwenye kiatu, na ni vizuri waambiwe hivyo mwanzoni.

Baada ya vidonge 84, mlinzi wetu anapaka krimu ya fangasi miguuni na pembezoni mwa kucha mara mbili kwa wiki, na anaendelea hivyo hata baada ya ukucha kusafika. Nyumba ikiwa na uwezo, dawa ya kupaka juu ya ukucha kama rangi, amorolfini, mara moja kwa wiki, inapunguza uwezekano wa kurudi.

Hatua ya saba: lini urudi kliniki

Mwezi wa sita tangu kidonge cha kwanza ndio wakati mzuri wa kupimwa tena. Nenda na picha zako. Kama mpaka umesogea vizuri, hakuna dawa mpya, ni kungoja na kukata. Kama umesimama au umerudi nyuma, sampuli ichukuliwe upya, safari hii ioteshwe. Wapo madaktari wa ngozi wanaoongeza wiki nne za terbinafini kipindi hicho kwa mgonjwa ambaye ukucha unakua lakini fangasi bado wanaonekana kwenye hadubini. Kuongeza bila kipimo ni kubahatisha, na ini ndilo linalolipa.

Ukucha ukishasafika kabisa, tazama pembe zake mbili za mbele kila unapokata. Fangasi wanaorudi huanzia hapo: doa jeupe au la njano la milimita moja au mbili, na unga kidogo ukichokonoa chini yake. Likionekana, kata hadi nyuma ya doa, tibu ngozi ya mguu mzima siku hiyohiyo, peleka vipande hivyo vikapimwe, na chora mfereji mwingine nyuma ya doa ili mwezi unaofuata ujue limesogea upande gani.